Kabla Habari ya Rushwa Haijafika kwa Wakili

Ndugu wahariri wenzangu, ndugu waandishi wa habari, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze waraka ambao mhariri humwandikia mwandishi pale habari ya rushwa inapokuwa tayari imeandikwa, imesomwa mara ya kwanza, na bado haijapelekwa kwa wakili wa chombo. Nitaueleza kwa kutumia habari moja tu, ya ofisi ya leseni za biashara katika halmashauri. Habari yenyewe nimeitunga kwa ajili ya mazungumzo haya, kwa hiyo watu wake na kiasi cha fedha nitakachokitaja ni vya mfano. Sheria na taratibu nitakazozitaja ni za kweli, na ndizo tunazokutana nazo kila tunapoandika habari za aina hii.

Kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, leseni za Kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na zile za Kundi B hutolewa na halmashauri. Mfanyabiashara wa mgahawa au wa duka la vifaa vya ujenzi huwasilisha ombi kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, akiwa na namba yake ya mlipakodi, kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango, kisha hupewa ankara yenye namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroli namba. Malipo halali yote hupita hapo. Hata hivyo ombi bado linapita mikononi mwa watu, na nje ya ofisi wapo vishoka, wale wanaojitolea kukushughulikia jambo lako kwa malipo. Mwandishi wetu amezungumza na wafanyabiashara saba na sentensi yake ya kwanza inasomeka hivi: "Maafisa wa ofisi ya leseni wanawatoza wafanyabiashara rushwa ya Sh200,000 ili wapate leseni."

Waraka wangu huanza na sentensi hiyo, na swali la kwanza ni msomaji wa kawaida ataelewa nini akiisoma. Mawakili wa kesi za kashfa, yaani za kumchafulia mtu jina, wana ngazi tatu za maana ambazo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliziweka wazi katika kesi ya Chase mwaka 2002. Ngazi ya juu ni kusema kwamba mtu ametenda kosa, ya kati ni kwamba kuna sababu za msingi za kumshuku, na ya chini ni kwamba kuna sababu za kufanya uchunguzi. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini mgawanyo wake unasaidia sana mezani, kwa sababu unamlazimisha mwandishi kusema ushahidi wake unafika wapi. Sentensi ya mwandishi wetu iko ngazi ya juu kabisa: maafisa wanachukua rushwa, basi. Siku tukishtakiwa, afisa hatakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba hakupokea. Tukijitetea kwamba tuliyoandika ni kweli, sisi ndio tutakaothibitisha, na tutathibitisha maana ile aliyoielewa msomaji, wala si maana tuliyoikusudia sisi.

Wapo waandishi wanaodhani kwamba kuweka maneno "inadaiwa" au "mfanyabiashara mmoja alisema" kunawaepusha na mzigo huo. Sivyo. Anayeirudia tuhuma ya mwingine huhesabiwa kuwa ameitoa yeye. Maneno hayo yana faida yake kwa msomaji, kwa sababu yanaonyesha habari imetoka wapi, lakini hayachukui nafasi ya ushahidi.

Sasa niingie katika jambo ambalo naliona ndilo moyo wa waraka mzima, nalo ni fedha ilitua wapi. Katika wafanyabiashara wetu saba, wanne walimlipa kishoka mmoja, wawili wanasema walimpa afisa fedha taslimu ndani ya ofisi, na mmoja anasimulia yaliyompata shemeji yake. Mwandishi amewajumlisha wote na kuandika "wafanyabiashara saba wametoa rushwa kwa maafisa". Tukiwatazama mmoja mmoja, jumla hiyo inavunjika. Yule wa saba anatuelekeza kwa shahidi mwingine, kwa hiyo shemeji atafutwe au maelezo hayo yaondoke. Wale wanne ni mashahidi wazuri, lakini ni mashahidi wa jambo moja tu, kwamba kishoka alipokea fedha yao akasema ni ya afisa. Inawezekana kabisa kishoka aliiweka yote mfukoni, akasubiri leseni itoke kwa utaratibu wa kawaida, kisha akajisifu kwamba ni kazi yake. Huo ni ulaghai, ni habari inayostahili kuandikwa, lakini ni habari ya mtu mwingine.

Kwa hiyo namwandikia mwandishi kwamba kabla hatujavuka kutoka kwa kishoka kwenda kwa afisa, anionyeshe daraja. Daraja laweza kuwa ujumbe wa simu ambao afisa mwenyewe anamtaja kishoka, au muamala kutoka kwa kishoka kwenda kwenye namba ya afisa, au mtu aliyeshuhudia fedha ikikabidhiwa, au kishoka mwenyewe akikubali kusimulia. Laweza pia kuwa mpangilio wa matukio unaojirudia kiasi kwamba bahati pekee haiwezi kuueleza, kwa mfano maombi manne ya watu wasiofahamiana, yote yakiwa yamesimama wiki kadhaa, yote yakiidhinishwa siku moja baada ya kishoka kulipwa, na yote na afisa yuleyule. Mpangilio wa namna hiyo unaweza kutufikisha ngazi ya kati, ya sababu za kumshuku. Peke yake hautufikishi ngazi ya juu.

Ushahidi wa malipo ya simu nao unahitaji kutazamwa kwa makini. Mwandishi ameleta picha ya ujumbe wa muamala wa Sh200,000 iliyotumwa kwake kwa WhatsApp. Picha ya namna hiyo hutengenezwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye simu, kwa hiyo haitoshi. Tunaomba kuuona ujumbe kwenye simu yenyewe, tunanakili namba ya muamala, tarehe na saa, kisha tunamwomba chanzo achukue taarifa ya akaunti yake kutoka kampuni ya simu, jambo ambalo ni haki yake kama mteja. Halafu kuna jina lililojitokeza kwenye muamala. Tangu mwaka 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na hilo limewafanya wengi waamini kwamba jina la kwenye laini ndilo jina la anayeitumia. Mara nyingi ndivyo, lakini zipo laini zilizosajiliwa kwa jina la mke, la ndugu au la kijana wa dukani, na zipo namba za mawakala ambako fedha hupita tu. Iwapo jina la kwenye laini linafanana na la afisa, tunahitaji kitu cha pili cha kutuunganisha naye, kama vile namba hiyohiyo kuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi au kuwa ndiyo aliyompigia mfanyabiashara kumweleza habari ya ombi lake. Mwandishi asijaribu kupata taarifa za mtu huyo kwa rafiki anayefanya kazi kampuni ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa hizo, na ushahidi uliopatikana kwa njia ya mlango wa nyuma utamwacha wakili akitetea namna tulivyoupata badala ya kutetea habari.

Baada ya fedha, waraka unauliza kama kuna maelezo mengine ya kile tunachokiita rushwa. Hapa ndipo habari nyingi za ofisi za leseni zinapodhoofika, kwa sababu mfanyabiashara mwenye hasira hujumlisha kila shilingi iliyomtoka. Chanzo wetu mmoja, mwenye mgahawa, anasema leseni ilimgharimu Sh430,000. Tulipomwomba azipange moja moja, ilionekana kwamba Sh150,000 ilikuwa ada iliyoandikwa kwenye ankara, Sh80,000 zilikuwa adhabu ya kuchelewa nayo ikiwa kwenye ankara ileile, na Sh200,000 ndizo zilizotolewa bila stakabadhi ya serikali. Ni hizo za mwisho tu zinazotuhusu. Tukiandika kwamba aliombwa Sh430,000 "za leseni", afisa atatoa ankara mahakamani na habari nzima itaonekana ya uongo, hata sehemu yake iliyo ya kweli.

Vivyo hivyo kuhusu kucheleweshwa. Mwenye mgahawa anasema ombi lake lilikwama mwezi mzima mpaka alipotoa fedha. Namwelekeza mwandishi akae naye, mwenye akaunti aingie mwenyewe kwenye mfumo, na mwandishi aone kwa macho yake tarehe ya kuwasilisha ombi, tarehe ya ankara, tarehe ya malipo, tarehe ya leseni, na kama liliwahi kurudishwa kwa ajili ya marekebisho. Ikionekana kwamba ombi lilirudishwa kwa sababu mkataba wa pango ulikuwa umekwisha muda, na kwamba aliweka mpya siku mbili kabla ya leseni kutoka, basi tuna maelezo mawili ya jambo moja, na hatuwezi kulichagua lile linaloipendeza habari yetu. Lazima pia wapatikane watu walioomba kipindi kilekile bila kumpa mtu chochote. Kama nao walisubiri mwezi mzima, ucheleweshaji huo huenda ni wa ofisi nzima. Kama walipata ndani ya siku tatu wakiwa na nyaraka zilezile, habari imepata nguvu kubwa. Wito wa kuwatafuta watu hawa mara nyingi haupokelewi vizuri na mwandishi aliyechoka, lakini ni moja ya kazi ambazo sizipunguzi.

Wakati huohuo tunaomba takwimu za ofisi yenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na mwenye taarifa ana muda usiozidi siku 30 kujibu. Kwa sababu hiyo barua hiyo inapaswa kutoka mapema, mwandishi anapoanza kukusanya maelezo, si siku anapomaliza kuandika.

Jambo linalofuata linagusa usalama wa watu wetu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wote ni wakosaji. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara anayesema "nilimpa afisa Sh200,000" anakiri kosa mbele ya kinasa sauti chetu. Je, analifahamu hilo? Waraka unamtaka mwandishi arudi kwa kila chanzo, amweleze kwa maneno mepesi, na aandike tarehe aliyomweleza na chanzo alivyoamua. Wengine watajiondoa, na hiyo ni haki yao. Wengine watakubali bila jina, na hapo tunapaswa kufuta si jina tu bali kila kitu kinachomtambulisha. Mji wenye migahawa mitatu mikubwa, ukiandika "mama mwenye mgahawa karibu na stendi aliyepata leseni Machi", umeshamtaja.

Sheria hiyohiyo inamgusa mwandishi mwenyewe kwa pande mbili. Kwanza, asijifanye mwombaji na kutoa fedha ili kumnasa afisa. Akifanya hivyo ametoa rushwa, na kitambulisho cha uandishi hakimkingi. Pili, sheria hiyo ina katazo la kutangaza utambulisho wa mtu anayechunguzwa au undani wa uchunguzi bila ruhusa au sababu ya msingi. Mwandishi wetu alikuwa ameweka katika aya ya tisa kwamba TAKUKURU wameanza kumchunguza afisa fulani, akiamini anaongeza uzito. Aya kama hiyo naiwekea alama nyekundu ili wakili aitazame peke yake, kabla ya nyingine zote.

Majina ya vyanzo hayaingii katika waraka. Tunawaita A, B, C mpaka G, na orodha inayofungua herufi hizo inakaa mahali pengine, inajulikana na mwandishi na mhariri mmoja. Rekodi za sauti zinahifadhiwa zilivyo, bila kukatwa, na nakala ndiyo inayofanyiwa kazi. Daftari la mwandishi linatunzwa hata kama maandishi yake ni mabaya. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: waraka wenyewe na mazungumzo yetu ya simu vinaweza siku moja kutakiwa mahakamani. Mwandishi akiandika kwenye kundi la WhatsApp la chumba cha habari kwamba "huyu safari hii tunammaliza", ameshampa mdai ushahidi wa nia mbaya, na nia mbaya inaweza kuuangusha utetezi ambao vinginevyo ungesimama. Tuandike mle ndani kile tu ambacho tungekuwa tayari kukisoma kwa sauti mbele ya hakimu.

Sasa turudi kwa maafisa. Hatujamtaja mtu kwa jina, na mwandishi anaona tuko salama. Lakini swali la sheria ni kama watu wanaomfahamu mtu huyo watamtambua. Ofisi ya leseni ya halmashauri ndogo inaweza kuwa na watumishi wanne. Tukisema "maafisa wa ofisi hiyo", kila mmoja wa wanne anaweza kudai kwamba amesemwa yeye, akiwemo yule binti aliyehamishiwa pale mwezi uliopita na ambaye hakuna shahidi hata mmoja aliyemtaja. Hilo linaniuma kuliko hata hatari ya kesi, maana ni kumpaka mtu matope kwa sababu ya dirisha analokalia. Kama ushahidi wetu unamhusu afisa mmoja, ama tumtambulishe kwa uangalifu tukiwa na ushahidi unaotosha, ama tuieleze ofisi kwa upana kiasi kwamba hakuna mtumishi mmoja anayeonekana. Njia ya katikati, ya kutomtaja huku tukimwonyesha kidole, ndiyo mbaya kuliko zote.

Picha huangaliwa kwa kipimo hichohicho. Ile picha ya maktaba ya mtumishi akimhudumia mteja dirishani, ikiwekwa chini ya kichwa cha habari kuhusu rushwa, inamtuhumu mtumishi huyo hata kama ilipigwa miaka mitatu iliyopita kwenye sherehe za uzinduzi.

Nafasi ya kujibu nimeiacha mwisho kwa sababu haiwezi kufanyika vizuri kabla hayo mengine hayajakaa sawa. Mnamo mwaka 1999, Mahakama ya Juu ya Uingereza ya wakati huo, yaani Baraza la Malodi, iliamua kesi ya Albert Reynolds, aliyekuwa waziri mkuu wa Ayalandi, dhidi ya Sunday Times. Lodi Nicholls aliorodhesha mambo kumi ya kuangalia katika kupima kama chombo kilifanya kazi yake kwa uwajibikaji, yakiwemo uzito wa tuhuma, hadhi ya chanzo, hatua za kuthibitisha, na kama maelezo ya upande wa mtuhumiwa yalitafutwa na kiini chake kikawekwa katika habari. Gazeti lilishindwa kujikinga kwa utetezi huo, na sababu moja kubwa ni kwamba maelezo ya Reynolds, ambayo alikwisha kuyatoa bungeni, hayakuwekwa kabisa. Orodha ile si sheria ya Tanzania, lakini kila wakili mzuri niliyefanya naye kazi huuliza maswali ya namna hiyo.

Mwandishi wetu aliandika: "Afisa alipopigiwa simu hakupokea." Alipiga mara moja, saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Hiyo si nafasi ya kujibu. Waraka unamtaka apeleke maswali kwa maandishi kwa afisa mwenyewe, na barua ya pili kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa sababu afisa anaweza kukatazwa na taratibu za utumishi kuzungumza na vyombo vya habari. Barua ya mkurugenzi ipelekwe masjala, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo una thamani kubwa kuliko simu ishirini zisizopokelewa. Siku tatu za kazi ni muda ninaouona wa haki kwa habari isiyo ya dharura, na habari ya leseni si ya dharura.

Maswali yenyewe yawe mahususi. "Una maoni gani kuhusu rushwa katika ofisi yako?" ni swali ambalo halimpi mtu kitu cha kukanusha. Afadhali aulizwe kama anamfahamu kishoka huyo, kama aliwahi kupokea fedha kutoka kwake au kutoka kwa mwombaji yeyote nje ya namba ya malipo ya serikali, na kwa nini maombi kadhaa ya kipindi cha Februari hadi Aprili yaliidhinishwa ndani ya siku moja baada ya kusimama kwa wiki kadhaa. Mnaona nimetaja miezi, sikutaja siku wala kiasi kamili, kwa sababu tarehe na kiasi vikikaa pamoja vinamfichua aliyelipa. Kila kipengele cha namna hiyo kinakubaliwa na chanzo kabla barua haijatoka. Na jibu likija, likakanusha, kanusho hilo linawekwa karibu na tuhuma, mahali ambapo msomaji atalikuta, si katika aya ya mwisho.

Ukaguzi huo ukikamilika, sentensi ya kwanza haibaki ilivyokuwa. Katika mfano wetu ikawa hivi: "Wafanyabiashara wawili wanasema waliombwa na mtumishi wa halmashauri Sh200,000 zisizo na stakabadhi ili maombi yao ya leseni yashughulikiwe, na wengine wanne wanasema walimlipa kiasi kama hicho mtu wa kati aliyewaambia kuwa zinakwenda ofisini, halmashauri imekanusha." Ni ndefu zaidi na haina ngurumo, lakini kila kipande chake kina mtu au karatasi nyuma yake.

Anachopelekewa wakili, basi, ni jalada lenye habari yenyewe katika safu ya kushoto, sentensi kwa sentensi, na katika safu ya kulia ushahidi wa kila sentensi: rekodi ya B dakika ya kumi na mbili, ankara ya D, barua yenye muhuri wa masjala. Pamoja nayo kunakuwa na kichwa cha habari, picha na maelezo yake, na maandishi yatakayotumika kwenye mitandao ya kijamii, maana mara nyingi wakili hupitishiwa habari iliyopimwa vizuri, kisha usiku mtu wa zamu akaweka kichwa kinachosema "Wala rushwa wa leseni wabainika" na kuirudisha ngazi ya juu tuliyoiacha. Sentensi ambayo safu yake ya kulia iko tupu inaondolewa kabla jalada halijatoka kwa mhariri, na badiliko lolote litakalofanywa baada ya wakili kusoma, hata la neno moja kwenye kichwa cha habari, linarudi kwake.